Fidla ya mtoto wa miaka minane: tukodi au tununue?

*Assalaam aleikum Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Mwanakwerekwe. Binti yangu ana miaka minane. Tangu harusi ya shangazi yake, alipokaa usiku kucha karibu na wapiga fidla wa taarab, hana neno jingine ila anataka kujifunza fidla. Nimesikia unafundisha watoto hapa mjini. Naomba kujua ada yako kwa wiki ni kiasi gani, kama somo la nusu saa linatosha au achukue saa nzima, na akikosa wiki moja inakuwaje. Pia naomba kujua kama unakodisha fidla. Mjomba wake aliyeko Maskati ameahidi kumletea fidla mpya ya saizi kamili, ili akue nayo tusinunue mara mbili. Ana mdogo wake wa miaka mitano. Nyumbani kwetu hakuna anayejua muziki, sijui hata pa kuanzia.*

*Mama wa Mwanakwerekwe*

Wa aleikum salaam Mama,

Ada yangu ni shilingi 12,000 kwa somo la nusu saa, mara moja kwa wiki, na fidla ninazo za kukodisha kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa umri wake nusu saa inamtosha. Ila kabla ya fedha kuna jambo la haraka zaidi: tafadhali mwambie mjomba asinunue kwanza fidla ya saizi kamili. Najua anampenda mtoto na nia yake ni njema, lakini fidla hiyo itamkwamisha, na sababu iko mkononi mwa mtoto mwenyewe.

Fidla hutengenezwa kwa saizi mbalimbali: kamili, robo tatu, nusu, robo, na ndogo zaidi ya hapo. Mwili wa fidla kamili una urefu wa karibu sentimita 35.5, wa ile ya nusu ni kama sentimita 31. Ukizitazama mezani utaona tofauti ni ndogo, na ndiyo maana wazazi wengi hudhani mtoto atajikaza tu mpaka akue. Lakini sikiliza kinachotokea kwenye vidole. Katika fidla kamili, kidole cha shahada na kidole cha mwisho vinapokaa kila kimoja mahali pake kwenye uzi, kati yao pana sentimita saba na ziada kidogo. Katika ya nusu ni kama sentimita sita na nusu. Mtoto wa miaka minane akiambiwa atanue vidole sentimita saba huku kiwiko kimepinda na mkono umeinuliwa, hawezi. Atakachofanya ni kuusogeza mkono mzima kila anapotaka kidole cha mwisho, na mkono ukishahama hakuna kidole kinachorudi pale pale. Fidla haina vizuizi kama gitaa vya kumwonyesha mahali pa sauti. Anategemea mkono utulie, na vidole vijifunze umbali ule ule kila siku. Basi mtoto anapiga nje ya sauti, anajisikia kwamba anapiga nje ya sauti, na baada ya miezi michache anasema fidla haiwezi.

Mkono wa kulia nao una shida yake. Upinde wa fidla kamili una urefu wa karibu sentimita 75, wa nusu kama 62. Mtoto mwenye mkono mfupi akiuvuta upinde mrefu mpaka nchani, mkono unaishia njiani na upinde unageukia nyuma yake. Nywele za upinde zinateleza kutoka pale zinapotakiwa kupita, zinapanda juu ya ubao wa vidole, na sauti inakuwa ya kukwaruza. Nimepokea watoto waliojifunza hivyo mwaka mzima, na kuwaondolea ile tabia kulichukua muda mrefu kuliko kuwafundisha upya tangu mwanzo.

Kwa hiyo mpime leo jioni. Msimamishe, anyooshe mkono wa kushoto pembeni, sawasawa na bega, kiganja kikitazama juu. Chukua futi ya cherehani, pima kutoka shingoni, pale inapokutana na bega, mpaka katikati ya kiganja. Ukipata karibu sentimita 51, saizi yake ni nusu. Ukipata 47 hivi, ni robo. Kwenye 56 ataingia robo tatu, na akivuka 58 yuko tayari kwa saizi kamili. Akiangukia katikati ya saizi mbili, mimi humpa iliyo ndogo, kwa sababu ndogo kidogo haimuumizi, kubwa kidogo inamuumiza. Akija kwangu tutahakikisha kwa fidla yenyewe: anaishika chini ya kidevu, ananyoosha mkono mpaka kwenye kile kichwa kilichojikunja kule mwisho, na vidole vinapaswa kukizunguka huku kiwiko bado kimepinda kidogo. Kiwiko kikinyooka kama mti, fidla ni kubwa.

Watoto wengi wa umri wake huwa kwenye nusu, hukaa nayo kama miaka miwili, kisha huingia robo tatu, na saizi kamili huifikia wakiwa na miaka kumi na moja hadi kumi na tatu.

Sasa tuzungumze fedha, na kwa kuwa mkodishaji ni mimi mwenyewe, nitakuwekea hesabu wazi uipige kwa mkono wako.

Napokea ada kwa muhula wa wiki kumi na mbili. Masomo kumi na mbili kwa 12,000 ni 144,000. Kodi ya fidla kwa miezi mitatu ni 45,000. Dhamana ni 80,000, na hiyo unarudishiwa siku unapoirudisha fidla ikiwa salama. Siku ya kwanza basi utatoa 269,000, na humo fedha inayoondoka moja kwa moja ni 189,000. Ukiona ni nyingi kwa mkupuo, ada ya masomo tunaweza kuigawa mara mbili, mwanzo na wiki ya saba. Dhamana naomba iwe kamili tangu mwanzo.

Ndani ya kodi kuna fidla, upinde, kasha lake, rozini ya kusugulia upinde, na nyuzi zinapochakaa kwa kupigwa. Mkono wa mtoto ukikua, anabadilishiwa saizi bila nyongeza, hata kama ni katikati ya muhula. Kilichomo pia, ingawa hakionekani, ni kazi ya kuiweka fidla sawa. Fidla nyingi mpya za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa zimekusanywa tu. Daraja, yaani kile kibao chembamba kinachonyanyua nyuzi, huja kinene na kirefu, halijachongwa kufuata umbo la fidla ile. Nyuzi zinakaa juu mno, na mtoto anapozibonyeza zinamkata vidole. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo huteleza kwa sababu havijasuguliwa kukaa vyema kwenye matundu yao. Mzazi anaona kitu kipya kinang'aa, mtoto anaona maumivu. Fidla ninazokodisha nimeshazichonga daraja na kuzirekebishia vigingi mwenyewe.

Ukilinganisha na kununua, chukua mfano wa fidla mpya ya nusu ya shilingi 300,000, ongeza 50,000 za kuiweka sawa: 350,000. Kodi ya miaka miwili ni 360,000. Bei zimekaribiana sana. Mwenye mtoto mmoja namshauri akodi, kwa sababu baada ya miaka miwili atanirudishia ile ya nusu na kuchukua robo tatu, hatazunguka kutafuta mnunuzi wa fidla ndogo. Lakini wewe una mdogo wake wa miaka mitano, na hilo linageuza hesabu. Dada akiondoka kwenye nusu, mdogo atakuwa na miaka saba hivi, anaikaribia saizi hiyo hiyo. Fidla mliyoinunua itapata mtu wa pili humo humo ndani.

Hata hivyo usinunue mwezi huu. Kodi kwa mihula miwili kwanza. Mtoto anayeendelea kuitoa fidla kwenye kasha mwenyewe, bila kuitwa, baada ya miezi sita, huyo mnunulie. Hapo ndipo msaada wa mjomba utakapofaa: mtumie saizi, aongeze na upinde wa saizi hiyo hiyo, na ikifika niletee niikague na kuichonga daraja kabla binti hajaigusa. Ile ya saizi kamili aiweke akilini mpaka mkono uvuke sentimita 58.

Kuhusu nusu saa au saa nzima. Mtoto wa miaka minane akishika fidla dakika ishirini hivi, shingo inaanza kukaza, na bega la kushoto linapanda kuelekea sikioni. Nikiendelea kumpigisha hapo namfundisha kukaza mwili. Katika nusu saa yetu, dakika kama ishirini anapiga, na zilizobaki anaimba wimbo atakaopiga, anapiga makofi ya mdundo wake, anajifunza kuukaza na kuulegeza upinde. Ukinilipa saa nzima utakuwa umelipia dakika thelathini za mtoto aliyechoka. Fedha hiyo ibaki. Tutaongeza kufika dakika arobaini na tano akianza vipande virefu, pengine mwaka wa pili.

Kinachomkuza mtoto ni dakika kumi hadi kumi na tano za kila siku nyumbani. Siku saba zikipita bila kushika fidla, somo la wiki inayofuata linakwenda kwa kurudia la wiki iliyopita, na ada yako inalipia somo lile lile mara mbili. Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano akitoka chuoni kabla ya kula. Na usione haya kwamba hujui muziki. Naomba wewe au baba yake mkae ndani ya darasa, hasa muhula wa kwanza. Nitakuonyesha mambo matatu ya kutazama: bega limeshuka, kidole gumba cha mkono wa upinde kimepinda, na upinde unapita sambamba na daraja. Hayo utayaona kwa macho tu, na mtoto mwenyewe akiwa anapiga hayaoni.

Jambo jingine utakalojifunza nami ni kuziweka nyuzi sauti, maana mtoto huyo hawezi bado. Nyuzi ni nne, kutoka nene kwenda nyembamba: G, D, A na E. Utapakua kwenye simu programu ya bure ya kupimia sauti, ukiiona imeandikwa A 440 iache hivyo. Fidla zangu ndogo zina skrubu nne kule mwisho wa nyuzi, upande wa kidevu. Tumia hizo peke yake. Vigingi vya kule kichwani usiviguse mpaka nikuzoeshe, kwa sababu kuzungusha kigingi kidogo tu kunaubadilisha uzi sana, na ule mwembamba wa E hukatika mara moja. Uzi wa kwanza kukatika hivyo naubadilisha bila malipo. Kuanzia wa pili utalipa bei ya uzi.

Akikosa somo: nikipata taarifa kabla ya Ijumaa jioni, tunalipanga siku nyingine wiki hiyo au inayofuata. Taarifa ikija Jumamosi yenyewe, siku ya somo, somo limehesabiwa, kwani saa ile nimeshamnyima mtoto mwingine aliyekuwa akiitaka. Mtoto akiamka na homa asubuhi hiyo hiyo, nipigie tu, ugonjwa siuhesabu. Nikikosekana mimi, somo nalilipa. Ramadhani tunafundisha asubuhi, na wiki ya Idi hatuna masomo na haimo kwenye ada.

Siku ya kuchukua fidla tutaifungua pamoja mezani, na wewe utaipiga picha kwa simu yako: mbele, nyuma, ubavuni, upinde, na kila mkwaruzo uliopo. Tutaandika karatasi moja, kila mtu abaki na nakala. Fanya hivyo hata ukikodi kwa mtu mwingine. Ugomvi wa dhamana nilioushuhudia mara nyingi huanzia kwenye mkwaruzo ambao hakuna anayekumbuka ulikuwepo lini.

Na hapa niseme kidogo kuhusu hali ya hewa yetu, maana ndiyo inayoharibu fidla Unguja kuliko watoto. Vipande vya fidla huunganishwa kwa gundi ya wanyama, ambayo kwa makusudi ni dhaifu kuliko mbao, ili joto au unyevu ukizidi iachie gundi kabla mbao hazijapasuka. Ukiiacha ndani ya gari juani, hata kwa muda wa kuingia sokoni tu, gundi hulainika na ubao wa juu huachana na ubavu. Utajuaje? Fidla inaanza kuvuma kama ina nyuki ndani. Gonga taratibu pembezoni kwa kifundo cha kidole, ukizunguka mwili mzima. Palipoachia patatoa mlio mkavu wa kugongana, tofauti na kwingine. Niletee, kuibandika ni kazi ndogo ikiwahiwa. Usiweke gundi ya dukani, hata tone. Ile haiachii tena, na safari ijayo kitakachoachia ni mbao yenyewe.

Wakati wa masika vigingi huvimba na kukwama. Usivilazimishe kwa koleo, nisubiri mimi. Kaskazi ukiwa mkavu, hutokea kinyume chake, vinalegea na asubuhi unakuta nyuzi zote zimelala. Ikitokea nyuzi zimelegea kabisa na daraja limeanguka, usizikaze tena. Ndani ya fidla kuna kijiti kilichosimama kati ya ubao wa juu na wa chini, hakikubandikwa, kinashikiliwa na mgandamizo tu. Daraja likianguka nacho huweza kuanguka, na ukikaza nyuzi bila kijiti hicho ubao wa juu unaweza kubonyea na kupasuka. Tikisa fidla polepole, ukisikia kitu kinacheza ndani, kimeanguka. Fidla ilale kwenye kasha mpaka Jumamosi. Matengenezo hayo ni juu yangu. Yaliyo juu yako ni fidla iliyokaliwa, iliyoangushwa ikavunjika shingo, au iliyopikwa ndani ya gari.

Upinde una sharti moja: akimaliza kupiga, aulegeze. Ukiachwa umekazwa usiku hadi usiku, kijiti chake hupinda na hakirudi. Nywele zake zisishikwe kwa vidole, mafuta ya mkono yanazifanya ziteleze juu ya uzi bila kutoa sauti.

Umetaja wapiga fidla wa taarab, na nimefurahi kwamba ndiko alikoitoa hamu. Fidla imo kwenye taarab yetu vizazi na vizazi, na vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, vimelea wapigaji waliojifunza kwa kusikiliza mzee mmoja na kumfuata. Mimi nitamfundisha kusoma noti, na sambamba na hilo kila wiki atashika kipande kifupi kwa sikio tu. Mwaka wa kwanza njia hizo mbili hazigombani hata kidogo: namna ya kushika fidla na kuvuta upinde ni moja. Mapambo ya taarab, ule mtelezo wa kidole kutoka sauti hadi sauti, yatangoja mpaka vidole vimejua kukaa mahali pake.

Mlete Jumamosi hii saa tatu asubuhi, kucha za mkono wa kushoto zikiwa zimekatwa fupi. Somo hilo la kwanza silipishi, ni la kumpima mkono na kuona anavyosikia sauti. Akitoka na fidla ya nusu, mwandikie mjomba jioni ile ile. Kama anataka kutuma kitu sasa, atume seti moja ya nyuzi iliyoandikwa 1/2 kwenye pakiti, maana nyuzi za saizi kamili hazifai kwenye fidla ndogo, na aongeze E mbili za peke yake.